Nyuzi Mia Mbili Thelathini na Saba

Kuna hasira ya makaratasi, inayowaka na kuzimika kabla sufuria haijapata joto. Na kuna hasira ya pumba: huoni ulimi wa moto, lakini ukitia mkono utajuta. Ya Mama Mirija, Jumanne ile, ilikuwa ya pumba.

Alikuwa fundi wa maabara ya kemia pale chuoni, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Jina la Mama Mirija alipewa na wanafunzi, kwa kuwa hapakuvunjika mrija wa kioo humo ndani asijue umevunjwa na nani, na kwa uzembe gani. Asubuhi ile alikuwa anasuuza mirija kwenye sinki la mwisho, lile ambalo bomba lake halikaziki, akamwona binti amesimama mlangoni na barua mkononi. Ni yule mwembamba wanayemwita Sindano, na hakuitwa hivyo kwa wembamba peke yake.

"Umeharibu nini tena?" Mama Mirija akauliza bila kugeuka.

"Sijaharibu kitu, Mama. Nimeharibiwa mimi."

Akamsogezea barua. Mama Mirija alikausha mikono kwenye aproni, akavaa miwani yake ya kusomea juu ya ile ya kinga, akasoma. Mwanafunzi ameghushi matokeo ya jaribio la bromini. Amepewa sifuri. Alhamisi saa nne afike mbele ya mkuu wa idara, na akipatikana na kosa, jina lake litapelekwa kamati ya nidhamu. Chini pana sahihi ya mhadhiri aliyeanza kazi muhula ule, kijana msafi, kola imenyooka kama rula. Wanafunzi walimwita Kola, naye alijua, wala hakuchukia.

"Umeghushi?"

"Niliandika nilichokiona kwenye kipimajoto. Mia mbili thelathini na saba. Darasa zima, watu thelathini na moja, wameandika mia moja kumi na mbili. Dokta anasema namba yangu nimeitoa kitabuni, tena nimekosea kunakili, nimechukua ya ndugu yake."

"Ya ndugu yake?"

"Ndivyo alivyosema. Mbele ya watu, Mama. Akacheka. Wakacheka."

Mama Mirija hakucheka. Alikwenda kwenye kabati la pembeni akatoa kisanduku cha mbao. Hiyo ilikuwa kanuni yake, na wahadhiri wapya waliikejeli: hatupi zao la mwanafunzi, kile alichokitengeneza, mpaka alama zibandikwe ukutani. Vichupa thelathini na viwili vilikuwa humo, kila kimoja na lebo yake, kila kimoja na fuwele nyeupe chini. Alichukua cha Sindano, akashindilia unga kidogo kwenye kimrija chembamba kama unywele wa farasi, akakichomeka kwenye kifaa cha umeme cha kuyeyushia, akainamia lenzi.

Mia moja na kumi. Mia moja na ishirini. Unga mkavu, umekaa kama jiwe. Walisubiri. Mia mbili na thelathini. Ilipofika mia mbili thelathini na sita ukaanza kutoa jasho, na kwenye thelathini na saba ukaporomoka ukawa maji.

"Hujaghushi," akasema.

"Nilijua sijaghushi, Mama. Nilitaka mtu mwingine ajue."

Sasa yule mama akashika karatasi ya maelekezo ya jaribio, ile ambayo yeye mwenyewe aliitoa fotokopi siku moja kabla ya kazi. Kurasa nne. Ukurasa wa mwisho una mchoro wa zao linalotarajiwa, na chini yake, kwa herufi nzito: kiwango cha kuyeyuka, nyuzi 110 hadi 113. Akaangalia mchoro ule. Bromini mbili zimekaa upande mmoja, zimeangalia juu, kama ndege wawili kwenye waya.

"Karatasi yako wewe iko wapi?"

Sindano akaitoa kwenye begi. Ilikuwa na kurasa tatu.

"Wa nne uko wapi?"

"Sikupewa. Nilipokea hivyo hivyo."

Mama Mirija akakumbuka. Mashine ilikwama kwenye nakala ya mwisho, ikatafuna karatasi, naye alikuwa na haraka. Akabana kurasa tatu kwa pini akaona inatosha.

Hapo hasira ikapata kuni. Wanafunzi wote thelathini na wawili walifanya kazi ileile, kwenye meza zilezile, na stilbini, ile malighafi ya jaribio, kutoka chupa moja. Thelathini na moja walikuwa na jibu mfukoni kabla ya kuchungulia lenzi. Joto lilipofika mia moja kumi na mbili waliandika, wakazima, wakaenda kula. Mmoja tu alisubiri unga uyeyuke. Wala si kwa utakatifu! Hakuwa na cha kunakili.

Na kwenye kila karatasi ya matokeo, chini kabisa, palikuwa na mahali pa fundi kuthibitisha kwamba ameshuhudia kipimo. Sahihi thelathini na mbili. Zote zake. Alitia sahihi siku ile kama mtu anayepepeta mchele, huku anapiga kelele watu wafunge gesi.

"Nenda darasani," akamwambia binti. "Alhamisi usichelewe. Na usijibu kwa mdomo wako huo; ukijibu nitakukanyaga mguu."

* * *

Kola alikuwa ofisini anakunywa chai bila sukari. Mama Mirija hakuketi.

"Dokta, mchoro wako una makosa."

"Mchoro upi, Mama?"

"Wa ukurasa wa nne. Bromini haziingii upande mmoja."

Kola aliweka kikombe chini taratibu. "Mama, nakuheshimu sana. Wewe ni hazina ya maabara hii. Lakini tuwekeane mipaka. Wewe vyombo, mimi nadharia."

"Mipaka naijua. Nimepima zao la binti. Mia mbili thelathini na saba."

"Unajuaje ni zao lake? Chupa ya zao hilo inauzwa. Mtu akitaka kudanganya anashindwa nini?" Akafungua faili, akazitandaza karatasi mezani kama karata. "Hebu tazama. Thelathini na moja. Na hii hapa chini ni sahihi yako. Uliona kwa macho yako mia moja kumi na mbili mara thelathini na moja. Au hukuona?"

Mama Mirija aliitazama sahihi yake, karatasi baada ya karatasi.

"Basi," akasema Kola, akachukua kikombe chake.

Alitoka pale masikio yanamuwaka. Angepigwa kofi angejua pa kurudishia. Lakini kofi lile alikuwa amejipiga mwenyewe, kwa kalamu.

* * *

Nyumbani mumewe, seremala mstaafu ambaye kustaafu kumemshinda, alikuwa anapiga msasa benchi fupi la mjukuu. Aliposikia sufuria zinavyowekwa jikoni akaweka msasa chini.

"Mke wangu, hizo sufuria zimekukosea nini?"

"Baba watoto, usinichokoze."

"Sikuchokozi. Nataka kujua kama leo nakula au naliwa."

Akamweleza yote, barua, karatasi, sahihi. Mume akasikiliza, kisha akauliza lile ambalo asiyesoma kemia angeuliza: "Lakini hiyo upande mmoja, upande mwingine, ina maana gani hata mtoto wa watu afukuzwe?"

Mama Mirija akavuta benchi katikati ya chumba. "Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wa kwanza amekalia viti viwili, kaziba baraza nzima. Wa pili kaingia, na wote wawili wana pa kukaa. Kapita wapi?"

Mzee akakuna kidevu. "Kapita dirishani."

"Mji sitakudai, maana umekaribia. Kapita mlango wa nyuma. Sikiliza. Kaboni mbili zimeshikana kwa mikono yote miwili. Bromini wanakuja wawili, wameongozana. Kaboni zile zina utajiri wa elektroni kwenye ule mshikano wa pili, na bromini wa kwanza anautamani. Anamwacha mwenzake, anakaa juu ya kaboni zote mbili kwa pamoja, mguu huku, mguu kule." Akaweka mto mkubwa juu ya benchi, ukaziba sehemu yote. "Hivi. Watatu hao wanakuwa pembetatu, na pembetatu hiyo ina chaji chanya. Haijatulia. Mwenzake aliyeachwa amebaki na chaji hasi, anatafuta pa kwenda, anavutwa palepale. Haya, apite wapi? Juu pana jitu limejaa."

"Chini."

"Chini! Anaishika kaboni moja kwa upande wa nyuma. Akiishika tu, yule wa juu anapoteza mguu wake wa upande huo, anaangukia kaboni ya pili." Akausukuma mto hadi ncha moja ya benchi, kisha akashika ncha nyingine kwa chini. "Mmoja juu, mmoja chini. Hakuna siku watakaa wote upande mmoja kwa kuingia hivyo. Baadaye kaboni zinaweza kujizungusha zitakavyo, lakini alama ya mlango walioingilia haifutiki."

"Na hizo namba zako?"

"Kwa stilbini yetu, wakiingia pande tofauti, nusu moja ya chembe inakuwa kama sura ya nusu ya pili kwenye kioo. Hiyo inayeyuka mia mbili thelathini na saba. Wangeingia upande mmoja lingekuwa zao jingine, ndugu yake, anayeyeyuka mia moja na kumi na kidogo. Namba inakuambia walipita mlango upi."

Mume akautazama mto, akalitazama benchi. "Sasa huyo msomi ameweka wote juu kwa nini?"

"Amechukua karatasi ya jaribio la hidrojeni. Hidrojeni inakaa juu ya chuma, stilbini inalala juu ya chuma, hidrojeni zote mbili zinaingia upande huohuo. Kabadili jina, mchoro kauacha. Halafu kaenda kitabuni kutafuta namba ya mchoro wake. Kosa la mtu mwenye haraka. Hilo ningemsamehe! Mimi mwenyewe nilikwamisha mashine."

"Ila?"

"Ila kacheka. Kamchekea mtoto wa watu mbele ya wenzake." Akaketi juu ya benchi bila kuondoa mto. "Na mimi nimemshikia taa acheke. Alhamisi nikisema hawa thelathini na moja wamedanganya, nimesema na mimi nimedanganya. Mkuu hatanifumbia macho."

Mumewe alikuwa anatazama jinsi benchi linavyobeba.

"Benchi langu likipinda," akasema mwishowe, "silaumu mbao. Haya, tupe chakula, usije ukatuteketezea."

* * *

Alhamisi saa nne walikutana maabara, maana Mama Mirija aliomba iwe maabara. Mkuu wa idara, mwanamke wa makamo asiyependa kusimama, alipewa kiti pekee chenye mgongo. Kola alikuja na faili. Sindano alisimama karibu na sinki, mikono nyuma. Kiongozi wa darasa naye aliitwa kuja kuwakilisha wenzake, kijana mpole mwenye mwandiko mzuri, na uso wake ulionyesha kwamba angependa kuwa kokote isipokuwa hapo.

Kola alisema yake kwa utaratibu. Mkuu akaishika karatasi ya maelekezo, akafika ukurasa wa nne, paji la uso likakunjamana.

"Mchoro huu..."

"Najua utasema nini, Mkuu," Kola akamkatiza. "Nami nimeliwaza usiku na mchana. Nadharia inasema zinaingia kinyume. Mimi mwenyewe nafundisha hivyo."

"Anafundisha!" Sindano akadakia, akafungua daftari. "Huu hapa mchoro wako, Dokta, wa wiki ya tatu. Mshale unatoka nyuma. Umeupigia mstari mara mbili, ukasema atakayesahau hili—"

Mama Mirija akamkanyaga mguu. Sindano akafunga daftari.

Shingo ya Kola ilikuwa imebadilika rangi juu ya kola yake. "Nakiri mchoro wa ukurasa wa nne niliuchukua kwenye jaribio jingine. Nilipogundua, nilitaka kuurekebisha. Lakini matokeo yakaja! Vipimo thelathini na moja, Mkuu, vyote vinasema mia moja kumi na mbili. Nadharia ni nadharia. Nikatae macho ya watu thelathini na moja nikubali ya mmoja?"

Kumbe! Mama Mirija alimtazama kijana yule, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba haigizi. Aliamini kweli. Wao waliandika uongo kwa sababu yeye aliuandika kwanza, naye akauamini uongo wake kwa sababu wao waliurudisha ukiwa umezidishwa mara thelathini na moja. Kama mtu anayepiga kelele kisimani, kisha anaondoka amefurahi kwamba kuna aliyemwitikia.

Haikumpunguzia hasira. Ilimwongezea.

"Mkuu," akasema, "naomba uchague kichupa."

Akakiweka kisanduku mbele yake. Mkuu akatia mkono bila kuangalia, akatoa kimoja, akasoma lebo.

"Hicho ni chako, baba," Mama Mirija akamwambia kiongozi wa darasa. "Shindilia mwenyewe. Sitagusa, nisije nikaambiwa chupa inauzwa."

Kijana akashindilia unga. Akakichomeka kimrija. Mama Mirija akawasha kifaa.

"Inamia. Soma kwa sauti."

"Tisini," akasoma. "Mia. Mia moja na tano. Mia moja na kumi."

Kola alisogea hatua moja mbele.

"Mia moja kumi na mbili."

"Unaona nini?"

"Unga."

"Mkavu au umelowa?"

"Mkavu, Mama."

"Endelea. Siku ile uliishia hapa. Leo tunaenda mwisho wa njia."

Mia moja ishirini na nne ikapita. Hata kama ingekuwa stilbini tupu iliyokosa bromini, ingekuwa imeyeyuka hapo. Mia moja hamsini. Bomba la sinki lilidondosha tone, likadondosha jingine. Mia mbili. Kijana alisoma kwa sauti inayopungua, mpaka Mama Mirija akamwambia apandishe. Mia mbili na thelathini. Thelathini na tano.

"Inatoa jasho," kijana akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Imeyeyuka. Mia mbili thelathini na saba."

"Ile kumi na mbili uliisoma wapi?"

Kijana akaanza kupangusa lenzi kwa ncha ya shati.

"Nimeuliza uliisoma wapi!"

"Ukurasa wa nne, Mama."

Hapo pumba zikashika moto. "Ukurasa wa nne! Watu wazima thelathini na moja, mnakuja kusomea kuwa macho ya dunia, mnapewa lenzi mnasoma karatasi! Mnajua bromini ni nini? Tone moja kwenye ngozi linachoma mpaka mfupa unaomba msaada. Mmelimimina kwenye kabati la kuvuta moshi, rangi ya chungwa imetoweka mbele yenu, fuwele zimeshuka nyeupe, kazi nzuri, kazi safi! Halafu mkashindwa kusubiri dakika ishirini. Na mwenzenu akachekwa, wewe ukiwa mstari wa mbele. Ulicheka, hukucheka?"

"Nilicheka," kijana akanong'ona.

"Na wewe, Dokta. Bromini ukimwekea kizuizi mbele anapita nyuma. Hana shule, hana digrii, lakini hapiti pasipopitika kwa sababu karatasi imesema. Wewe umeona mia mbili thelathini na saba, namba uliyoijua, namba uliyoifundisha, ukaiita uongo kwa sababu ilikuja peke yake!"

"Mama," Mkuu akasema, "inatosha."

"Haijatosha. Nimebakia mimi." Akazichukua karatasi thelathini na mbili, akaziweka mapajani mwa Mkuu. "Sahihi hizi ni zangu. Sikushuhudia hata kipimo kimoja. Niliona watu wamepanga foleni, nikaona kalamu, nikatia. Na karatasi ya binti huyu ilikosa ukurasa kwa uzembe wangu wa mashine. Angekuwa nao, huenda naye angeandika kumi na mbili, na leo tusingejua lolote."

"Mimi nisingeandika!" Sindano akaruka.

Mama Mirija akamgeukia. "Una hakika?"

Binti akazitazama zile karatasi mapajani mwa Mkuu. Ilikuwa mara ya kwanza sindano ile kukosa pa kuchoma.

Mkuu alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa chake. Kisha akakata maneno. Sifuri ifutwe, na mhadhiri aifute mbele ya darasa lilelile, kwa sauti ileile aliyochekea. Darasa zima lirudie kipimo Jumamosi. Fundi wa maabara apewe barua ya onyo, iingie kwenye faili lake.

"Ya kwanza katika miaka ishirini na miwili," Mkuu akasema, kwa masikitiko kidogo.

"Niandikie vizuri," Mama Mirija akajibu. "Usikose ukurasa."

Kola alibaki nyuma wengine walipotoka. Alisimama mbele ya ubao mweupe, akachukua kalamu, akachora kaboni mbili, na bromini moja juu yake imetanua miguu. Mshale ukakawia mkononi mwake. Kisha akauchora, kutoka chini.

"Mama," akasema bila kugeuka, "nisamehe."

"Siyo mimi uliyemchekea," akasema Mama Mirija, akaenda kufunga gesi.

* * *

Jumamosi walikuja wote, wamenuna, saa mbili asubuhi. Wengine walikuwa wamesharekebisha daftari nyumbani, wameandika mia mbili thelathini na saba kwa wino wa kukoleza, maana habari ilikuwa imesambaa. Mama Mirija aliwaona, akatabasamu tabasamu ambalo halikumfurahisha mtu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mumewe alimkuta mezani anabandika lebo mpya na akauliza anacheka nini peke yake. Sasa aligawa vichupa. Kila kimoja kilikuwa na namba tu, hakuna jina. Vingine vilikuwa na zao lao wenyewe, vingine stilbini tupu, na vingine yule ndugu mwenye nyuzi mia moja na kumi na kidogo, aliyetoka kwenye akiba ya kabati la juu. Nani ana kipi, alijua yeye na daftari lililokuwa mfukoni mwa aproni.

Akagawa na karatasi za maelekezo. Mstari wa mbele wakaanza kufunua, kurasa zikachakarika, vichwa vikainuka.

"Mama," kiongozi wa darasa akaita kwa woga, "karatasi zetu zina kurasa tatu."

"Ndiyo, baba," akasema Mama Mirija, akavuta kiti chake mpaka kando ya kifaa cha kwanza, akaketi, kalamu ikiwa imefungwa kifuniko. "Inamia usome."